Sakafu nyekundu haibadiliki, ukuta je? Somo la rangi kutoka Ijuganyondo

Bukoba. Ijuganyondo ni moja ya kata za Manispaa ya Bukoba ambako mji na shamba bado vinaishi pamoja. Nyumba za mabati zimesimama katikati ya vibanja vya migomba na kahawa, na katika nyumba nyingi kuna majani mapana ya mgomba yanayokaribia kugusa dirisha.

Ndani ya nyumba za miaka ya nyuma kuna kitu kingine kinachofanana: sakafu nyekundu. Zamani msonge wa Kihaya ulitandikwa nyasi chini. Saruji ilipoingia, familia zenye uwezo zilimwaga sakafu, mafundi wakachanganya unga mwekundu kwenye tabaka la juu na kulisugua mpaka likalainika. Kila Jumamosi watoto waliisugua kwa nta nyekundu hadi ikang'aa.

Sakafu hiyo ni ngumu kuiondoa. Wekundu haukupakwa juu, umo ndani ya saruji yenyewe. Kuipaka rangi nyingine hakusaidii, kwa sababu nta iliyoingia kwa miaka mingi huizuia rangi kushika na baada ya miezi michache inabanduka. Kuweka vigae juu yake kunainua sakafu, hivyo milango lazima ikatwe chini. Familia nyingi zinabaki na jambo moja tu la kuamua, nalo ni rangi ya ukuta.

Uamuzi huo uliwafikia wengi baada ya tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016. Kuta zilipasuka, zikazibwa na kupigwa lipu upya. Ukuta ukawa mpya, sakafu ikabaki ile ile.

Chukua mfano wa chumba cha watoto watatu, chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3.5 na dirisha moja linalotazama migomba. Mama mwenye nyumba ana fedha za kupaka mara moja tu. Mtoto mkubwa yuko darasa la saba na anasomea humo. Mama anataka nyeupe kabisa, akiamini ndiyo italeta mwanga.

“Mama, nyeupe hiyo haitabaki nyeupe humu,” fundi anamwambia.

Fundi ana sababu. Mwanga unaoingia dirishani huangukia kwanza sakafuni, kisha hurukia ukutani ukiwa umebeba wekundu. Mzazi anaweza kuhakikisha mwenyewe: saa tatu asubuhi, jua likiwa limefika sakafuni, asimamishe karatasi nyeupe ukutani ikigusa chini. Sehemu ya chini ya karatasi itaonekana ya waridi, na ya juu itabaki nyeupe. Ukuta mweupe hufanya hivyo hivyo, na macho huuona kama mchafu hata siku ulipopakwa.

Ijuganyondo kuna jambo la pili. Mwanga unaopita kwenye majani ya migomba unafika chumbani ukiwa na ukijani, na mwanga wa kijani ukiangukia kitu chekundu hukififisha. Ndiyo maana sakafu hiyo hiyo inawaka sebuleni kwenye dirisha lililo wazi, lakini katika chumba kilichofunikwa na migomba inaonekana ya kahawia iliyozubaa. Rangi iliyopendeza kwa jirani inaweza kukataa kwako kwa sababu hiyo tu.

Jaribu kwenye ubao kwanza

Fundi alichukua vipande vinne vya mbao nyepesi, kila kimoja kama sentimita 60 kwa 60, akavipaka rangi tofauti mikono miwili na kuviacha vikauke. Alivisimamisha vikigusa sakafu, kisha familia ikaviangalia asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwa imewashwa. Ubao ukiwekwa mezani au ukishikwa juu hautoi jibu, maana wekundu unapanda kutoka chini.

Nyeupe kabisa ilipata uwaridi, kama ilivyotarajiwa. Kijivu chenye ubluu kilionekana kama zambarau karibu na sakafu, na juu kikawa cha baridi kama korido ya ofisi. Rangi ya pichi, ambayo dukani ilionekana ya upole, iliungana na wekundu wa sakafu, na usiku chini ya balbu ya njano ikawa chungwa tupu.

Ubao wa nne ulikuwa wa krimu iliyotiwa tone la njano na tone dogo zaidi la kijani. Huo ndio uliotulia. Kijani na nyekundu hupunguzana nguvu, kwa hiyo tone lile lilimeza wekundu uliorushwa na sakafu, na ukuta ukaonekana krimu ya kawaida tangu chini hadi juu.

Tone hilo lina mpaka wake. Kijani kikizidi hadi ukuta ukawa wa kijani waziwazi, mambo yanageuka: rangi mbili zinazopingana zikikaa karibu, kila moja huikuza nyingine, na sakafu inaonekana nyekundu kuliko ilivyo. Katika chumba chenye dirisha moja, kijani kizito pia kinaleta giza.

Mng'ao na usalama

Rangi inayong'aa sana hurudisha taswira ya sakafu kama kioo. Fundi alichagua rangi ya maji isiyong'aa kwa sehemu ya juu. Chini, kwa kimo cha mita moja ambako mikono ya watoto hufika, alitumia rangi ya maji inayooshwa, yenye mng'ao kidogo, katika krimu ile ile. Dari ilipakwa nyeupe, kwani iko mbali na sakafu na wekundu unaoifikia ni hafifu.

Rangi ya mafuta ya njano au nyekundu iliyokolea haikufikiriwa kabisa kwa chumba hicho. Rangi za aina hiyo ndizo ambazo mara nyingi hukutwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ukuta wa zamani unaobanduka usisuguliwe ukiwa mkavu. Uloweshwe kwanza, watoto wawe nje, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Hesabu ya rangi

Kuta za chumba hicho zikizungukwa ni mita 15. Zidisha kwa kimo cha mita 2.7 unapata mita za mraba 40.5. Ondoa mlango na dirisha, zinabaki kama 37. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, hivyo mikono miwili inahitaji kama lita 7.5, yaani kopo moja la lita 4 la rangi inayooshwa na zaidi ya kopo moja la rangi isiyong'aa. Kopo la rangi inayooshwa litabakiza kidogo. Kopo moja halitoshi sehemu ya juu, hasa kama lipu ina makwaruzo, kwa sababu lipu ya namna hiyo hunywa rangi zaidi.

Kama krimu inachanganywa na fundi mwenyewe, achanganye yote siku moja. Rangi ikipungua katikati ya kazi, tone la pili halifanani na la kwanza, na sakafu nyekundu huionyesha tofauti hiyo waziwazi.

Rangi haiwezi kuleta mwanga ambao haujaingia. Katika chumba kile, kabla ya brashi kugusa ukuta, mama alikata majani ya mgomba yaliyoziba dirisha. Hilo halikumgharimu hata shilingi, na meza ya mtoto wa darasa la saba ikasogezwa pale.