Ukurasa wa lori

Nilianza kuuza dukani Ushirombo mwaka 2009, Ushirombo ikiwa bado Shinyanga. Mwaka 2012 mkoa wa Geita ulipoundwa, nikaamka niko mkoa mwingine bila kuhamisha hata ndoo. Duka lilikuwa la vifaa vya ujenzi na vya wachimbaji wadogo: misumari, bati, sururu, moko, tindo, viroba, gambuti, tochi za kichwani, kamba. Baadaye nikawa mtunza stoo wa bosi mwingine, mwenye duka kubwa Kahama na matawi Katoro na Nyarugusu. Miaka kumi nilishika daftari. Ndiyo maana bosi aliponunua programu ya stoo ya kwenye simu, mwongozo wa wafanyakazi aliniambia niuandike mimi.

Programu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Wauzaji wetu walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba au kidato cha nne, na mtunza stoo wa Katoro alikuwa mzee aliyejua kila msumari ulipo lakini hakuwahi kumiliki simu janja. Nikakaa wiki mbili, nikaandika kurasa 31. Nilifuata orodha ya programu kama ilivyojipanga kwenye skrini: kwanza `Dashboard`, kisha `Items`, kisha `Settings`, nikaeleza kila kitufe. Niliona nimefanya kazi ya maana.

Nikaupeleka Katoro. Mzee akaupekua taratibu, kisha akaniuliza, “Mwanangu, lori limefika, liko hapo nje linashusha. Nifungue ukurasa gani?” Nikatafuta. Kupokea mzigo kulikuwa ukurasa wa 19, nusu ya maelezo yake iko ukurasa wa 6. Nilikuwa nimeeleza programu. Kazi yake sikuwa nimeieleza.

Nikaanza upya, safari hii nikiufuata mzigo: unashuka kwenye lori, unakaa stoo, unatoka na mteja, unahesabiwa. Skrini nne tu, kila moja na picha yake, na juu ya picha nikaandika lini unaifungua. Ya kwanza, `Stock In`: “Ifungue mzigo ukiwa bado unashushwa, ankara iko mkononi.” Ya pili na ya tatu ni za kuuza. Ya nne, `Stock Count`, ni ya kuhesabu mali jioni ya Jumamosi. Jina la kitufe nililiacha kama linavyosomeka kwenye simu, maana ndicho jicho linachotafuta, ila sentensi zote ziliongea lugha ya dukani. Hakuna aliyeandikiwa “sasisha orodha ya bidhaa”. Aliandikiwa “ingiza mzigo”.

Skrini iliyonipa kazi kubwa ni hiyo ya kwanza, kwa sababu ya neno moja dogo, `Unit`. Sisi tunanunua kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine. Misumari inakuja kwa boksi, inatoka kwa kilo. Kamba inakuja kwa roli, na mchimbaji anakata mita kulingana na kina cha duara lake. Programu ilijua kwamba roli moja ni mita 200, lakini ilimtaka anayepokea achague `Roll` au `Metre`, na isipoguswa hubaki kwenye `Metre`.

Nyarugusu walipokea roli 6 za kamba, kila moja shilingi 80,000. Kijana akaandika 6, akaandika bei 80,000, akahifadhi. Jumla ikasoma 480,000, sawasawa na ankara. Hapo ndipo hatari ilipojificha, kwa sababu jumla haiwezi kukuonya: mita 6 kwa 80,000 na roli 6 kwa 80,000 zinatoa jibu lile lile. Kwenye simu duka likawa na mita 6 za kamba, na stoo ikawa na mita 1,200.

Kesho yake akauza mita 40 kwa shilingi 600 kila mita. Akapata 24,000, na faida ya kweli ilikuwa 8,000, kwa kuwa mita moja ilitugharimu 400. Programu ikahesabu kwamba kila mita ilinunuliwa 80,000, ikaonyesha hasara ya zaidi ya milioni tatu, na stoku ikasoma -34. Kijana akaogopa. Akafungua `Adjust`, akaongeza 34, skrini ikaonyesha sifuri, akatulia. Kosa lilikuwa bado pale pale, ila sasa alama yake ilikuwa imefutika. Ilinichukua siku nzima kurudi nyuma hadi kwenye ankara.

Kutokana na hilo nikaongeza mambo mawili. Kwenye picha ya `Stock In` nilizungushia `Unit` kalamu nyekundu, nikaandika: “Kabla hujahifadhi, soma mstari wa chini unaosema mita ngapi zimeingia. Kisha angalia stoo. Je, ni kweli?” La pili: “Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, usiguse `Adjust`. Stoo haiwezi kuwa chini ya sifuri kwa kitu ulichokiuza kwa mkono wako. Kuna mzigo ulioingizwa vibaya. Piga simu Kahama.” Nikamwomba bosi aifunge `Adjust` kwa wauzaji wote, ibaki kwa watunza stoo. Alikubali, na nadhani hatua hiyo ilisaidia kuliko kurasa zangu zote.

Skrini za kuuza nilidhani ni nyepesi. `Sale` ni ya fedha taslimu au ya malipo ya simu, na hiyo haikumsumbua mtu. Lakini kwenye machimbo mali nyingi hutoka kwa deni. Mwenye duara huchukua tindo, kamba na viroba leo, na hulipa mawe yakishasagwa karashani, pengine baada ya mwezi. Wauzaji waliendelea kuandika madeni kwenye daftari, kwa sababu kwao kuuza ni kupokea hela, na hela haijapokewa. Simu ikawa inaonyesha tindo zilizokwisha kuondoka. Nikaandika: “Mali ikivuka kizingiti, iandike, hata kama hela haijaja. Gusa `Credit Sale`, chagua jina la mteja.”

Nilidhani nimemaliza. Mwezi uliofuata nikarudi Katoro kwa hesabu ya Jumamosi. Nilikuwa nimeagiza kwamba anayehesabu asione namba ya kwenye simu, aandike alichokikuta kwanza. Anayeijua namba huikuta. Mzee akahesabu tindo 20. Simu ikasema 10. Mali kuzidi ni jambo la kutia shaka kama ilivyo mali kupungua, basi tukakaa chini. Zilikuwa 30. Mwenye duara mmoja alichukua 10 kwa deni, muuzaji akagusa `Credit Sale`, zikabaki 20. Siku ya malipo mteja alipoleta hela, muuzaji akagusa `Sale`, na programu ikatoa 10 nyingine ambazo hazikuondoka. Deni nalo likabaki limesimama kwenye jina la mtu aliyekwisha kulipa. Alipaswa kugusa `Receive Payment`, kitufe ambacho mwongozo wangu haukukitaja.

Nikatoa kalamu nirekebishe. Mzee akanizuia mkono. “Andika hivi, mwanangu: mali inatoka mara moja, hela inaingia mara moja, na kila moja ina mlango wake.” Nikayaandika ukurasa wa 7, chini ya picha za `Credit Sale` na `Receive Payment` nilizozibandika ubavu kwa ubavu, kama alivyoyasema.