Mstari wa Kalamu Mguuni

Mjomba wangu wa Palma aligongwa na nyoka kifundoni saa kumi na mbili jioni, akitoka shambani. Picha niliyotumiwa na binamu ilipigwa saa tatu usiku. Uvimbe ulikuwa umeshafika gotini, na kandokando ya alama za meno palikuwa na malengelenge yenye maji meusi.

Dalili hizo huelekeza kwenye sumu inayoua nyama, kama ya kifutu au ya swila anayetema mate. Picha haiwezi kuwatenganisha, lakini hakuna haja ya kumsaka nyoka, kwa kuwa dawa ya pamoja inayotengenezwa Afrika Kusini huzuia sumu ya wote wawili. Kinachoamua ni kasi ya uvimbe: nusu ya mguu kwa saa tatu ni hatari.

“Kaka, mpelekeni hospitali sasa,” nilimwandikia. “Msimfunge kamba, msimchanje. Chora mstari uvimbe unapoishia, andika na saa.”

Saa nne uvimbe ulikuwa umeuvuka mstari kwa vidole vinne, na mganga wa zamu akaanza dawa bila kungoja kukuche. Dawa hiyo hunasa sumu ambayo bado inazunguka mwilini. Nyama iliyokwisha kufa haifufui.