Mshono wa Prinsesi Utulie Kifuani

Gauni la Idi la binti yangu nimelishona kwa mshono wa prinsesi, ambao hukunjamana kifuani usipoandaliwa. Ukingo wa kipande cha kati umebonyea, wa kipande cha ubavuni umebinuka. Kwanza nilipitisha cherehani kwenye ukingo uliobonyea, sentimita 1 kutoka pembeni, kisha nikauchanja kwa mkasi hadi karibu na uzi. Mkasi ukiuvuka, tundu linaweza kuonekana nje. Ukingo ukafunguka, nikaulaza juu ya mwenzake na kushona sentimita 1.5 ndani. Ule uliobinuka nikaukata vipembe vidogo, usirundikane. Hatimaye niliupanua mshono kwa pasi juu ya taulo lililoviringishwa kwa kukazwa, kwani pasi ya mezani huulaza mviringo wa kifua.