Deni Langu Ni Kiasi Gani?

Kijana mmoja wa Butiama, aliyepata ufadhili wa kwenda kusoma Uturuki, alipita Musoma kumuaga mjomba wake. Wakaenda kula sato Mwigobero. Wakati wa kulipa mjomba akamuuliza: "Huko Konya utaombaje bili?" Kijana akafungua daftari akasoma, "Fatura, lütfen." Mjomba hakufurahi hata kidogo. Fatura ni ankara ya kampuni au ya umeme, alimweleza. Ukiitaja mgahawani utaulizwa namba ya mlipakodi. Ya mezani ni "hesap". Kinachomuudhi ni kuona vijana wanasafiri na orodha ya maneno ambayo hakuna aliyewaambia yanasemwa wapi.

Mjomba huyo ni mzaliwa wa Bunda. Husema alifika Konya mwaka 2012, ule ule ufadhili wa serikali ya Uturuki ulipoanza kuitwa Türkiye Bursları. Mhuri kwenye pasi yake unasema 2013. Basi na iwe 2013. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujifunza Kituruki, na darasa lililomkaa zaidi kichwani lilikuwa lokanta moja, mgahawa mdogo wa mafundi na wachuuzi.

Ukiingia tu ulipokewa na harufu ya siagi iliyochemshwa na pilipili nyekundu, ikimiminwa juu ya supu ya dengu. Vyakula vilipangwa kwenye sinia nyuma ya kioo, na mteja alichagua kwa kidole: bamia, biringanya, nyama ya mchuzi. Kijana wa Bunda alichagua kuru fasulye na pilav, yaani wali maharage, akajisikia yuko nyumbani. Mpishi alisimama hapo hapo kwenye kioo na kila mtu alimwita "usta", fundi. Mwenye lokanta alikaa mlangoni kwenye kasa, meza ya malipo, na pembeni yake palikuwa na chupa ya kolonya ya limao ya kumiminia wateja viganjani.

Kuondoka kulikuwa na utaratibu wake. Sahani ikishatolewa, chai ililetwa kwenye bilauri ndogo iliyobanwa kiunoni, bila malipo, na hakuna aliyeomba hesabu kabla ya kuimaliza. Aliyebaki mezani alisema "Hesabı alabilir miyim?", naomba hesabu. Ila pale wengi waliinuka. Walipita kwanza kwenye kioo wakamwambia mpishi "Elinize sağlık", mikono yako iwe na afya, naye akajibu "Afiyet olsun". Kisha kwenye kasa: "Borcum ne kadar?", deni langu ni kiasi gani? Mwenye lokanta akipokea noti alisema "Bereket versin", Mungu atie baraka, na mteja akaaga kwa "Hayırlı işler", kazi njema.

Wageni walikosea mahali pale pale. Mwanafunzi alimwambia mpishi "Afiyet olsun", maneno ya anayelisha, wakati yeye ndiye aliyekula. Mwingine alitaka kusema chakula kimekuwa kitamu, "Çok güzel olmuş", akatoka na "Çok güzelsin", ambayo ni kumwambia mpishi kwamba yeye mwenyewe ni mzuri. Wengine walisema "Eline sağlık" kwa mzee mwenye mvi. Kauli hiyo ni ya rika na watoto. Mkubwa huambiwa "elinize", na mtu aliyelelewa na shikamoo haikumchukua muda kuelewa. Matamshi yalihitaji subira: ile ğ haitamkwi, hurefusha tu a iliyotangulia, na ı isiyo na nukta husemwa ulimi ukiwa umevutwa nyuma. Ulimi wa Mara hupenda kuongeza irabu mwishoni, ikawa "hesapu". Wenye lokanta walielewa hata hivyo.

Rafiki akilipia wote, neno lilikuwa lake, si la mpishi: "Kesenize bereket", mfuko wako ubarikiwe.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Lira, iliyokuwa chini ya mbili na robo kwa dola mwaka 2013, ilikaribia thelathini mwishoni mwa 2023, na bei kwenye kioo zikawa za kufutwa na kuandikwa upya. Migahawa mingi siku hizi humpa mteja msimbo wa kupiga picha kwa simu asome menyu, na hulipwa kwa kadi. Mjomba anakereka: mtu anaweza kula, kulipa na kutoka bila kumwona aliyepika. Kwa hiyo alimwagiza mpwa wake atafute lokanta yenye kioo, apite kwa mpishi kabla ya kasa, na "elinize" aiseme kwa sauti ya kusikika.