Barua Inayothibitisha Mkutano

Mwaliko na uthibitisho ni ndugu wawili wasiofanana. Mwaliko huuliza: je, utakuja? Uthibitisho huja baada ya watu kukubali, nao husema: haya ndiyo tuliyokubaliana. Mwaliko ukiwa na upungufu, aliyealikwa huuliza. Uthibitisho ukiwa na upungufu, mara nyingi hapana aulizaye, maana kila mmoja hudhani kuwa amekwisha kuelewa. Na watu saba waweza kuelewa mambo saba. Kwa sababu hiyo nataka nikuonyeshe namna barua pepe ya kuthibitisha mkutano inavyoandikwa, nami nitaifanya kazi hiyo kwa barua mbili: moja niliyoipokea, na moja niliyoiandika.

Nimekuwa katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 2023, wakati wa ukame, pampu ya kisima chetu iliharibika. Wanawake na watoto walirudia desturi ya zamani ya kuchimba mchanga wa mto mkavu ili wateke maji yaliyojificha chini yake. Ofisi moja ilikuwa imeahidi kutuongezea sehemu ya fedha za pampu mpya, na siku ya Jumatatu, tarehe 16 Januari, ilituletea barua pepe yenye maneno haya:

"Mkutano wetu umethibitishwa. Tutakutana Jumatano ijayo, saa 3, ofisini, kuhusu maji. Tafadhali njooni mkiwa mmejiandaa."

Isome tena polepole. Haina neno gumu wala kosa la sarufi, hata hivyo haikusema chochote kwa hakika. Jumatano ijayo ni ipi kwa mtu asomaye Jumatatu? Ni kesho kutwa, tarehe 18, au ni ile ya juma la pili, tarehe 25? Saa 3 ni ipi? Sisi tusemao Kiswahili huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, na saa tatu yetu ni ile ambayo simu huiandika 9:00. Lakini mtu aliyezoea kusoma saa ya simu aweza kuandika 3 huku akikusudia saa tisa ya alasiri. Tofauti ni saa sita kamili, yaani mchana mzima wa kazi.

Mwenyekiti wetu na mweka hazina, wazee wawili wenye heshima zao, walikwenda tarehe 18, nayo kwa bahati ilikuwa ndiyo. Walifika saa tatu asubuhi, wakaambiwa kuwa mkutano ni saa tisa alasiri. Wakaketi kwenye benchi mchana kutwa. Wakati wao ulipofika, waliulizwa: "Iko wapi taarifa ya kupimwa kwa kisima?" Taarifa hiyo ilikuwa kijijini, ndani ya sanduku, wala hapana aliyewaambia waichukue. Walipewa siku nyingine, majuma mawili mbele. Basi kwa majuma mawili zaidi watoto wetu walikwenda mtoni alfajiri na kufika shuleni wakiwa wamechelewa. Hayo ndiyo yaliyotokana na maneno machache yaliyokosa maana.

Hatimaye ahadi ya ofisi ilitimia, na fedha zikaingia benki. Tukakubaliana kwa mdomo kuwa kamati ikutane ichague fundi. Siku ya Jumatatu, tarehe 13 Februari, niliwaandikia wenzangu. Katika nafasi ya kichwa, ambayo msomaji huiona kabla hajaifungua barua, niliandika: "Uthibitisho: mkutano wa kamati ya maji, Jumamosi 18 Februari 2023, saa nne asubuhi." Ndani niliandika hivi:

"Ndugu wanakamati,

Nathibitisha mkutano wetu tuliokubaliana.

Kusudi: Kuchagua fundi mmoja kati ya wawili waliotuletea bei za pampu ya nguvu ya jua. Bei zao zitadumu hadi tarehe 24 Februari.

Wakati: Jumamosi, 18 Februari 2023, saa nne asubuhi (10:00 kwa saa ya simu) hadi saa sita mchana (12:00). Kwa mwenzetu aliye Maskati, ni 11:00 hadi 13:00 kwa saa ya huko.

Mahali: Shule ya msingi ya kijiji, darasa la saba. Mwenzetu wa Maskati atapigiwa simu na katibu.

Matayarisho: Kila mmoja asome hati mbili za bei zilizoambatishwa hapa. Mweka hazina alete taarifa ya benki. Mwenyekiti alete taarifa ya kupimwa kwa kisima.

Tafadhali nijibuni kabla ya Jumatano jioni, kila mtu aseme kama atakuja au hatakuja. Tukipungua watano, hatutaweza kukata shauri.

Katibu wenu."

Sasa tuyatazame mambo yake manne, moja baada ya jingine.

Kusudi limeanza na tendo: kuchagua. Sikuandika "kuhusu maji", kwa maana maneno hayo hutaja jambo bila kutaja kazi. Mtu aliyeitwa kuhusu maji aweza kuja kulalamika, mwingine kusikiliza, mwingine kuuliza habari za fedha; na wote watakuwa wametii barua. Aliyeitwa kuchagua fundi mmoja kati ya wawili hujua kuwa mkutano haujaisha mpaka jina moja limetajwa. Tarehe ya mwisho ya bei nayo iliwafahamisha kuwa shauri haliwezi kuahirishwa hadi mwezi ujao.

Wakati umetajwa mara mbili kwa makusudi. Siku na tarehe huandikwa pamoja ili moja iwe shahidi wa nyingine: kama ningeandika Jumamosi tarehe 19, msomaji angeona mara moja kuwa viwili hivyo havipatani, naye angeniuliza. Saa ya mdomo na saa ya simu huandikwa pamoja kwa sababu hiyo hiyo. Ama saa ya Maskati, imetangulia yetu kwa saa moja mwaka mzima, kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi. Ukimwandikia mtu wa London, jihadhari: wao husogeza saa zao mara mbili kila mwaka, hata tofauti yetu nao ikawa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi chao.

Mahali pametajwa mpaka chumba. "Shuleni" lingetosha kwa aliyesoma hapo, lakini shule ina vyumba vingi, na mgeni azungukaye akichungulia madirisha huingia mkutanoni akiwa amechelewa na kuona haya. Aliye mbali naye ana mahali pake, yaani simu. Yapasa aambiwe nani atakayempigia, asije akangoja huku mwenzake naye akingoja.

Matayarisho ndiyo sehemu inayosahauliwa kuliko zote. "Njooni mmejiandaa" ni agizo lisilo na mwenyewe. Katika barua yangu kila kitu cha kuletwa kilikuwa na mtu wa kukileta, na hati za kusomwa zilikuwamo humo humo. Lakini hapa pana jambo jingine ambalo wengi hawalifikiri: siku ya kuipeleka barua hupimwa kwa tayarisho lililo refu kuliko yote. Kusoma bei za mafundi ni kazi ya jioni moja. Kuipata taarifa ya benki ni kazi nyingine. Mweka hazina alikwenda mjini Jumanne, akaambiwa alete ombi la maandishi lenye muhuri wa kamati. Akarudi kijijini, tukaliandika, akaenda tena, akaipata Alhamisi. Lau barua yangu ingalimfikia Ijumaa, angalikuja mkutanoni mikono mitupu, nasi tungalichagua fundi bila kujua kama tunaweza kumlipa.

Usidhani kuwa barua nzuri humaliza kila kitu. Wazee wawili wa kamati yetu hawakuwa na barua pepe. Niliichapisha kwenye karatasi, nikawapelekea nyumbani, nikawasomea, kisha nikawaomba wanirudishie kwa maneno yao siku, saa na kazi ya mkutano. Na wale wenye barua pepe, si wote walioifungua. Ndiyo sababu niliomba majibu: aliyenyamaza mpaka Jumatano jioni nilimpigia simu. Kupelekwa kwa barua hakuthibitishi kuwa imesomwa. Jibu ndilo lithibitishalo.

Tena mambo hubadilika. Alhamisi mwalimu mkuu alinijulisha kuwa darasa la saba lingetumiwa siku hiyo, akatupa darasa la sita. Sikuirudia barua ya kwanza huku nimebadili neno moja ndani yake, kwa maana msomaji angedhani ni ile ile na kuipita. Niliandika mpya, kichwa chake kikianza kwa neno "Mabadiliko", nayo ilisema: "Mahali pamebadilika: si darasa la saba, ni darasa la sita. Siku, saa na matayarisho ni yale yale." Lililobadilika hutajwa, na lisilobadilika hutajwa pia, ili mtu asianze kutilia shaka yote.

Tulikutana sita, na wa saba alikuwa kwenye simu. Fundi wa bei ya chini, ilipoonekana kuwa bei yake haikuhesabu waya wala kazi ya kushusha pampu kisimani, aliachwa. Nasi tuliliona hilo kwa sababu kila mmoja alikuwa amesoma hati nyumbani kwake. Kabla ya saa sita jina moja lilikuwa limeandikwa, na taarifa ya benki ilituonyesha kuwa fedha zatosha. Mwezi uliofuata maji yalitoka.

Siku moja wewe nawe utakuwa katibu, wa chama cha shule au wa jamaa zako. Ukimaliza kuandika uthibitisho, mpe mtu asiyejua lolote juu ya mkutano huo. Asome mara moja, kisha ichukue barua na umwulize: tutafanya kazi gani, siku gani na saa ngapi, chumba gani, na nani ataleta nini? Kila jibu analokosa ni neno lililopungua katika barua, wala si katika akili yake. Liongeze neno hilo kabla hujaipeleka.