Alama Tano Zilizotaka Kunidanganya

Likizo iliyopita nilifanya mafunzo kazini katika kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo, ndani ya Eneo Huru la Uwanja wa Ndege wa Dubai. Nilipewa kazi ya kuandaa jedwali la kuchagua programu mpya ya kufuatilia mizigo na kutoa ankara. Wazabuni walikuwa watatu. Niwaite A, B na C.

Kabla ya kufungua bei zao tuligawa uzito wa 100: gharama 30, usalama 25, kuendana na taratibu zetu 25, na huduma baada ya mauzo 20. Kila mzabuni angepata alama 1 hadi 5 katika kila kigezo. Msimamizi wangu, mzee wa Mombasa, hakutaka alama za kukisia. Ili kupima taratibu, tulichukua faili la mzigo wa jana yake tukalipitisha katika kila programu, tangu hati ya mzigo wa ndege hadi ankara, tukihesabu mara ambazo karani alilazimika kurudi kwenye karatasi.

A alipata gharama 5, usalama 1, taratibu 4 na huduma 4. Nikazidisha kila alama kwa uzito wake: 150 + 25 + 100 + 80 = 355. B, mwenye 3, 4, 4 na 3, alipata 350. C alipata 315.

Nilishtuka. Katika programu ya A makarani wote hutumia nywila moja. Mtu akibadilisha kilo za mzigo, hajulikani ni nani. Ila bei yake nafuu ilikuwa imelifunika shimo hilo.

"Mzee, tuongeze uzito wa usalama uwe 30, tupunguze gharama iwe 25," nikasema. Nilijua B angeshinda.

"Hapana, mwanangu. Ukibadilisha uzito baada ya kuona jibu, umekwisha kuchagua. Jedwali unalitafutia ushahidi tu. Hebu nijibu: A akitupa programu yake bure, tutaichukua?"

"Hatutaichukua."

"Basi usalama una kiwango ambacho bei haiwezi kukifidia. Hicho hakipimwi kwa mizani, ni mlango. Asiyeingia hapimwi."

Tukaandika sharti: atakayepata chini ya 3 katika usalama hajumlishwi. Tulikiri ndani ya ripoti kwamba sharti hilo lilikuja baada ya hesabu, tukaeleza sababu yake, tukalitumia kwa wote watatu. A akatoka. Kisha tukajaribu kubadilishana uzito wa gharama na wa huduma: B akabaki na 350, C akapanda hadi 335. Ushindi wa B haukutegemea namba moja.

Nilikuwa nimeona aibu kupeleka ripoti yenye kukiri kosa. Meneja aliisoma, akauliza swali moja tu kuhusu nywila, akatia saini.