Madonge katika kikombe cha babu

Babu alikuwa ametoka hospitali, na daktari aliagiza anywe unga wa protini ya maziwa kila asubuhi. Binti yake alitia vijiko viwili kikombeni, akamimina maji ya moto kutoka chupa ya chai, akakoroga. Yakatoka madonge. Babu alikunywa funda moja akasukuma kikombe pembeni. Siku ya tatu hata kukionja alikataa.

Binti alipolikata donge moja kwa kijiko, aliukuta unga mkavu ndani. Maji yakimwagwa ghafla juu ya unga, sehemu ya nje hulowa kwanza na kuwa utando unaonata, na maji hayapenyi tena. Yale ya moto yalizidisha: protini hiyo ikikaribia nyuzi 70 huanza kuganda, kama ute wa yai kikaangoni. Donge la namna hiyo halikorogeki tena, ni la kumwaga tu.

Ajabu ni kwamba uji aliujua tangu utotoni: unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi. Basi akafanya vivyo hivyo. Alitia maji baridi kidogo, akanyunyiza unga huku anakoroga mpaka ukawa rojo laini, ndipo akaongeza maji ya uvuguvugu. Blenda aliijaribu mara moja. Madonge yaliisha, lakini povu lilijaa nusu ya kikombe, ikabidi kusubiri litulie. Akarudi kwenye kijiko.

Babu alimaliza kikombe, akauliza kama kuna sukari.